Mchoro wa duara ukikugomea: namba uliyoipata itakuonyesha ulipokosea

Maswali ya kutafuta pembe ndani ya duara yana tabia moja inayomsaidia sana mwalimu: makosa yake hayatawanyiki ovyo. Lipe darasa zima mchoro mmoja, kisha kusanya madaftari. Utakuta majibu yasiyo sahihi ni yale yale manne au matano, na kila jibu lina chanzo chake. Aliyeandika 76 hakukosea kama aliyeandika 28. Ndiyo maana kumwambia mtoto "rudia tena" hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kuisoma namba aliyoipata na kumwonyesha imetokea wapi.

Basi tuchukue mchoro mmoja tu na kuusoma hivyo. Ni wa aina anayokutana nayo mwanafunzi wa kidato cha tatu Tanzania, au wa sekondari Kenya. Chukua karatasi uuchore, maana bila mchoro mbele yako maelezo haya yatakuchosha bure.

Chora duara, kitovu chake ukiite O. Kwenye mzingo weka nukta nne, A, B, C na D, zikifuatana kwa kuzunguka kama mshale wa saa. Ziunganishe upate pembenne ABCD. Unganisha pia O na B, kisha O na C. Mwisho, chora tanjenti, yaani mstari ulionyooka unaoligusa duara mahali pamoja tu bila kuliingia, na uufanye uguse pale A. Juu ya mstari huo, upande wa B, weka nukta P. Tumepewa kwamba pembe PAB ni nyuzi 34 na pembe BOC ni nyuzi 84. Tunatafuta pembe ABC.

Jibu ni nyuzi 104. Kama umelipata kwa njia yako, soma hata hivyo, kwa sababu ipo njia fupi ambayo wengi hawaioni. Kama umepata namba nyingine, itafute hapa chini.

Hujapata kitu, umekwama tangu mwanzo

Aliyekwama huwa anautazama mchoro na kuona vipande viwili visivyohusiana: huku nyuzi 34 za tanjenti, kule nyuzi 84 za kitovuni. Chanzo ni mstari mmoja ambao mtunga swali hakuuchora, nao ni OA. Tanjenti peke yake haina la kukuambia. Inaanza kusema pale unapoipelekea nusukipenyo kwenye nukta inayogusa duara, kwa kuwa hapo mistari hiyo miwili hukutana kwa nyuzi 90.

Sababu yake si ya kukariri. Nukta A ndiyo pekee ya mstari ule iliyo kwenye duara. Nukta nyingine zote za mstari ziko nje, kwa hiyo ziko mbali zaidi na O kuliko A. Maana yake OA ndiyo njia fupi kuliko zote kutoka O hadi kwenye mstari, na njia fupi ya kuufikia mstari ni ile inayokutana nao kwa nyuzi 90.

Chora OA sasa. Pembe OAP ni 90, na sehemu yake ya PAB ni 34, kwa hiyo OAB ni 90 − 34 = 56. Halafu tazama pembetatu OAB: OA na OB zote ni nusukipenyo, zina urefu mmoja, hivyo ni pembetatu pacha na pembe OBA nayo ni 56. Inayobaki kitovuni, AOB, ni 180 − 56 − 56 = 68.

Vipande viwili vimeungana. Pembe nzima AOC ni 68 + 84 = 152. Nukta D inautazama mstari AC ikiwa kwenye mzingo, ng'ambo ya B, kwa hiyo pembe ADC ni nusu ya 152, yaani 76. Na kwa kuwa ABCD ni pembenne ambayo kona zake zote nne ziko kwenye mzingo, pembe zinazokabiliana hujumlika kuwa 180. Ndiyo ABC inatoka 180 − 76 = 104.

Ukiona neno tanjenti kwenye swali na hakuna nusukipenyo iliyofika kwenye nukta ya mguso, ichore kabla ya kufikiri jambo lingine lolote. Na kila nusukipenyo mbili zinapounganishwa kwa mstari, hapo kuna pembetatu pacha hata kama hakuna aliyekutajia.

Umepata 121

Wewe ulikumbuka kwamba pembe kati ya tanjenti na mstari unaokatiza duara inalingana na pembe fulani iliyo ng'ambo, na hilo ni kweli. Kosa ni kwamba ulizipeleka nyuzi 34 kitovuni. Ukaandika AOB = 34, ukajumlisha 84 ukapata 118, ukagawa kwa mbili ukapata 59, kisha 180 − 59 ikakupa 121.

Nyuzi 34 zinalingana na pembe ya mzingoni inayolitazama tao AB, si ya kitovuni. Ukiunganisha D na B, pembe ADB itakuwa 34. Pembe ACB pia ni 34. Ya kitovuni ni mara mbili yake, 68, kama tulivyoipata kwa nusukipenyo.

Napenda kulionyesha jambo hili kwa kidole kuliko kwa kanuni. Unganisha D na B, kisha fikiria D inateleza taratibu kwenye mzingo ikielekea A. Inapoteleza, pembe ADB haibadiliki, inabaki 34, kwa kuwa inalitazama tao lile lile. D inapokaribia kabisa A, mstari DB unaanza kulala juu ya AB, na mstari DA unazidi kufanana na tanjenti. D ikifika A, pembe uliyokuwa ukiifuata ndiyo PAB yenyewe. Kwa hiyo pembe ya tanjenti ni ya ukoo wa pembe za mzingoni, ila imefika ukingoni. Mtoto akishaona hivyo hawezi tena kuipeleka kitovuni.

Ipo pia njia ya kujikamata kabla mwalimu hajakukamata. Kama AOB ingekuwa 34, basi OAB ingekuwa nusu ya 146, yaani 73. Jumlisha na PAB: 73 + 34 = 107. Lakini OAP lazima iwe 90. Hesabu haikubali.

Kosa linalokaribiana na hili ni la kuchagua kona isiyo yake katika pembetatu ABC. Wapo wanaosema PAB inalingana na ABC kwa kuwa zote zinagusa mstari AB. Jiulize: mstari uliotoka kwenye tanjenti ni upi? Ni AB. Basi pembe unayoitaka ni ile ambayo mikono yake inaishia A na B, nayo ndiyo ACB. Pembe iliyo na ncha yake pale B haiwezi kuutazama mstari ambao yenyewe imeukalia.

Umepata 76

Hili ndilo jibu lisilo sahihi ninalolikuta zaidi, na linastahili nafasi kubwa, kwa sababu mwenye nalo kafanya karibu kila kitu vizuri. Alipata AOC = 152. Akakumbuka kwamba pembe ya kitovuni ni mara mbili ya ile ya mzingoni. Akaigawa, akapata 76, akaiweka pale B.

Tuanze na kwa nini kuna nusu. Toka D, chora mstari upite O hadi ufike upande wa pili wa duara, mwisho wake uuite E. Umepata pembetatu ODA ambayo ni pacha, kwa kuwa OD na OA ni nusukipenyo. Pembe zake za D na A zinalingana. Pembe AOE iko nje ya pembetatu hiyo, na pembe ya nje ni jumla ya hizo mbili za ndani zilizo mbali nayo. Kwa hiyo AOE ni mara mbili ya ADO. Fanya vivyo hivyo upande wa C: COE ni mara mbili ya CDO. Ukijumlisha pande zote mbili, AOC ni mara mbili ya ADC. Hakuna zaidi ya hapo. Kanuni yote ni pembetatu pacha mbili zilizokaa mgongo kwa mgongo.

Sasa tazama kitovuni kwa makini. Mikono OA na OC inagawa mzunguko wa nyuzi 360 katika pembe mbili, si moja. Moja ni 152, inayofunguka upande wa B. Nyingine ni 360 − 152 = 208, inayofunguka upande wa D. Pembe ya mzingoni ni nusu ya ipi? Ni nusu ya ile inayofungukia tao ambalo pembe hiyo inalitazama.

Na tao linalotazamwa ni lile ambalo ncha ya pembe haimo. Weka kidole kimoja A na kingine C. Matao ni mawili: linalopita B na linalopita D. Ncha ya pembe ABC iko B, kwa hiyo inalitazama tao la upande wa D, la nyuzi 208, na nusu yake ni 104. Ncha ya pembe ADC iko D, inalitazama tao la upande wa B, la nyuzi 152, na nusu yake ni 76. Ulichofanya ni kuipa B jibu la D.

Hapo hapo utaona kwa nini pembe zinazokabiliana katika pembenne ya namna hii hujumlika 180. Matao mawili yanajumlika 360, na nusu zake mbili zinajumlika 180. Wengi hukariri kanuni hizi mbili kama vitu tofauti, halafu kwenye mtihani hawajui ipi itumike wapi. Ni jambo moja lililosemwa mara mbili.

Dalili ya kosa hili inaonekana hata kwa macho. Kama ncha iko kwenye tao dogo kati ya mawili, pembe yake lazima izidi 90. B imekaa kwenye tao la nyuzi 152, ambalo ni dogo kuliko nusu duara. Pembe ya 76 haiwezi kukaa hapo.

Umepata 28

Umetoa 152 kutoka 180. Ulitazama umbo OABC, ukaona kona nne ndani ya duara, ukatumia kanuni ya pembenne ya mzingoni. Kanuni ni sahihi, mahali pake ndipo si hapo. Ili itumike, kona zote nne lazima ziwe kwenye mzingo. O ni kitovu. Haiko kwenye mzingo hata kidogo. Kabla ya kuandika 180, pitisha kalamu kwenye kila kona ukihesabu: A ipo, B ipo, C ipo, O haipo. Imeshindikana.

Kosa hili hujificha kwa sababu kuna umbo linalofanana nalo ambalo jumla yake ni 180 kweli. Chora tanjenti nyingine inayogusa pale B, na nukta P uihamishie mahali inapokutana na ile ya A. Umbo OAPB lina kona kwenye kitovu, tena lina nyingine nje ya duara, na bado pembe ya O na ya P zinajumlika 180. Sababu yake ni tofauti: kona za A na B kila moja ni 90, zimekwisha kula 180 kati ya 360 za pembenne yoyote. Katika mchoro wetu AOB ni 68, kwa hiyo APB itakuwa 112. Waweza kuihakikisha kwa pembetatu PAB, ambayo ina 34 pale A na 34 pale B, maana tanjenti mbili zilizotoka nukta moja zina urefu sawa.

Kwa hiyo ukiandika 180 kwenye umbo lenye O, hakikisha unaweza kuonyesha pembe mbili za 90. Katika OABC hazipo.

Umepata 90

Hukukokotoa, ulitazama. Pembe AOC ni 152, na kwenye mchoro wa mkono 152 inakaribia kuonekana mstari ulionyooka. Ukadhani AC ni kipenyo, na ukajua kwamba pembe iliyomo katika nusu duara ni 90. Kipenyo lazima kitajwe katika swali, au mstari uonekane ukipita kwenye nukta O yenyewe, au wewe uthibitishe kwamba AOC ni 180. Ukaribu wa macho hauhesabiki. Michoro ya mtihani mara nyingi haikuchorwa kwa vipimo, na huandikwa hivyo kando yake.

Hesabu inakubali lakini umbo halifanani na la kitabu

Kuna mwanafunzi anayefaulu kila zoezi hadi siku umbo linapogeuka. Kitabuni pembe ya mzingoni na ya kitovuni huchorwa kama kichwa cha mshale, O ikiwa katikati ya mikono ya D. Isogeze D ikaribie A, mpaka tao DA liwe nyuzi 20 tu. Sasa mstari DC unaukata OA, na umbo linafanana na tai ya shingoni iliyopinda. O iko nje ya pembe ADC. Hapo wengi huacha kuona kanuni na kuanza kubuni.

Hakuna kilichobadilika. Tuikague kwa pembetatu pacha. Katika ODA, pembe ya O ni 20, hivyo pembe ODA ni 80. Katika ODC, pembe ya O ni 20 + 152 = 172, hivyo pembe ODC ni 4. Safari hii O iko nje, kwa hiyo tunatoa badala ya kujumlisha: 80 − 4 = 76. Ni ile ile. Usitafute kichwa cha mshale. Fuata mikono ya pembe kwa kidole, uone inaishia wapi kwenye mzingo. Pembe mbili zikiishia A na C na kulitazama tao lile lile, moja ikiwa kitovuni na nyingine mzingoni, nusu ipo.

Mpaka wake ni mmoja: D lazima ikae juu ya mzingo. Ikiingia ndani ya duara pembe inakua kupita 76, ikitoka nje inapungua.

Njia fupi, na namna ya kuikagua

Ukishazoea kuuliza "pembe hii inalitazama tao gani", swali letu halihitaji D wala mstari OA. Unganisha A na C. Pembe ACB inalitazama tao AB, sawa na pembe ya tanjenti, kwa hiyo ni 34. Pembe BAC inalitazama tao BC ambalo kitovuni ni 84, kwa hiyo ni 42. Ndani ya pembetatu ABC inabaki 180 − 34 − 42 = 104. Mistari miwili ya kazi. Kwenye mtihani wa KCSE swali la aina hii mara nyingi linakutaka utoe sababu, basi andika sababu kando ya kila pembe: ya kwanza ni ya tanjenti na tao la ng'ambo, ya pili ni nusu ya pembe ya kitovuni, ya tatu ni jumla ya pembe za pembetatu.

Nyumbani, kama bado una shaka, chukua bikari uifungue sentimita 5 na uchore duara. Weka A popote. Kwa kipimapembe kilichokaa O, pima nyuzi 68 hadi B, kisha 84 zaidi hadi C. Ukipima kwa rula, AB itakuwa karibu sentimita 5.6 na BC karibu sentimita 6.7; kama hazikutoka hivyo, rekebisha mchoro kabla ya kuendelea. Sasa hamishia kipimapembe pale B na usome pembe ABC. Penseli ikiwa imechongwa vizuri, utasoma 104, au 103, au 105. Hutasoma 76.